Mauzo Yapo, Bajeti Ipo, Misimbo Haionani

Kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matano inafunga hesabu za Machi. Ripoti inayopelekwa kwa mkurugenzi inaonyesha kuwa Mwanza, Shinyanga na Mbeya wameuza karibu sawa na bajeti zao. Mbele ya Tanga na Kariakoo pameandikwa sifuri. Kariakoo ndilo tawi kubwa kuliko yote, na halikufungwa hata siku moja mwezi huo. Saruji imetoka, mabati yamebebwa, fedha zimeingia benki. Tatizo ni kwamba faili la mauzo limeandika misimbo ya akaunti kwa namna moja na faili la bajeti kwa namna nyingine, na kompyuta haikutambua kwamba zile ni akaunti zilezile.

Kampuni hii ni ya mfano tu, na takwimu zake zimetungwa ili hesabu iwe rahisi kufuata. Lakini kila kosa litakaloipata hapa linatokana na jinsi Excel inavyofanya kazi kweli, na mhasibu yeyote anaweza kulijaribu kwenye kompyuta yake.

Mafaili mawili, mikono miwili

Faili la kwanza linatoka kwenye mfumo wa mauzo. Kila mwisho wa mwezi mfumo hutoa faili la CSV lenye mstari mmoja kwa kila akaunti ya kila tawi. Msimbo wake una tarakimu mbili za tawi, kistari, kisha tarakimu nne za akaunti. Tanga ni 05, Kariakoo 11, Mwanza 21, Shinyanga 22 na Mbeya 31. Mauzo ya saruji ni akaunti 4010, mabati 4020 na rangi 4030. Kwa hiyo saruji ya Kariakoo huandikwa `11-4010`, na ya Tanga `05-4010`.

Faili la pili ni la bajeti. Hili lilichapwa kwa mkono makao makuu mwishoni mwa mwaka, na aliyelichapa hakuweka kistari. Saruji ya Kariakoo aliiandika `114010`. Ya Tanga aliiandika `054010`, lakini Excel ilidhani ni namba ya kuhesabia, ikaiondoa sifuri ya mbele na kubakiza `54010`. Hakuna onyo lililotokea. Kwa Excel, sifuri iliyo mbele ya namba haina kazi, sawa na shilingi 054,010 na shilingi 54,010 zilivyo kiasi kimoja. Haijui kwamba hapa ile sifuri ni sehemu ya jina la tawi.

Mtu akiangalia misimbo hii miwili anaelewa mara moja kuwa inataja kitu kimoja. Fomula ya kutafuta haina huruma hiyo. Inataka herufi kwa herufi, na zaidi ya hapo inataka aina ileile. Namba 54010 na maandishi "54010" vinaonekana sawa kwenye skrini, lakini `XLOOKUP`, `VLOOKUP` na `MATCH` huvihesabu kuwa vitu viwili tofauti.

Msimbo unapogeuka mwezi

Kama tofauti zingekuwa kistari na sifuri peke yake, hakuna tawi ambalo lingelingana, na mhasibu angeshtuka papo hapo. Lakini matawi matatu yalilingana na mawili hayakulingana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ripoti iliyojaa nusu huaminika.

Sababu yake ilianza pale faili la CSV lilipofunguliwa kwa kubofya mara mbili. Excel ikifungua faili namna hiyo hukisia yenyewe aina ya kila kilichoandikwa. Ilipofika kwenye `11-4010` iliona mwezi wa 11 wa mwaka 4010. Mwaka huo hauishangazi, kwa kuwa inakubali tarehe hadi mwaka 9999. Ikabadili msimbo kuwa tarehe na kuuonyesha kama `Nov-10`. Saruji ya Tanga, `05-4010`, ikawa `May-10`. Mwanza, Shinyanga na Mbeya walinusurika kwa sababu moja tu: hakuna mwezi wa 21, wa 22 wala wa 31.

Kwa macho, `Nov-10` hufanana na Novemba 2010, na mtu anaweza kudhani ni kumbukumbu ya zamani iliyoingia kwa bahati mbaya. Njia ya kuutambua mtego huu ni kubadili mwonekano wa seli kuwa `General`. Ikiwa ndani yake kuna tarehe, itatokea namba ya tarakimu sita isiyofanana na msimbo wowote. Kwa saruji ya Kariakoo ni 770968, yaani hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900 hadi tarehe 1 Novemba 4010.

Mhasibu wa mfano wetu hakubadili mwonekano huo. Aliona vistari kwenye misimbo ya Mwanza na Mbeya, akatumia amri ya `Replace` kuvifuta. Excel ikageuza `21-4010` kuwa namba 214010, sawasawa na ilivyo kwenye bajeti. Kwenye `Nov-10` amri hiyo haikupata cha kufuta, kwa sababu kile kistari ni cha mwonekano tu na ndani ya seli kuna tarehe. Basi matawi matatu yakapata wenzao kwenye bajeti, na mawili yakabaki yatima.

Wanasayansi wa jeni wamepambana na tabia hii kwa miaka mingi. Jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuka tarehe 1 Machi kila ilipoingizwa kwenye Excel, na SEPT1 ikawa tarehe 1 Septemba. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliobadilisha majina ya aina hiyo, na hizo mbili sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Mwaka 2023 Microsoft iliongeza sehemu ya mipangilio inayoitwa `Automatic Data Conversion`, ambapo mtumiaji anaweza kuzuia sifuri za mbele zisiondolewe na majina kama MARCH1 yasigeuzwe tarehe. Hiyo inamsaidia aliyechapa bajeti. Haimsaidii anayefungua faili la mauzo, kwa sababu kinga ya tarehe inahusu herufi na namba zilizoandikwa pamoja bila kitu katikati. Msimbo wa namba wenye kistari, kama `11-4010`, hauguswi na kinga hiyo.

Sifuri inayosema uongo

Fomula isipopata inachokitafuta hurudisha alama ya kosa, `#N/A`. Alama hiyo haipendezi kwenye ripoti ya mkurugenzi, na ikiwa kwenye seli moja tu inaharibu jumla yote. Kwa hiyo wengi huizungushia `IFERROR` ili kosa ligeuke sifuri. Safuwima inakuwa safi, jumla inakubali, ripoti inapendeza.

Lakini sifuri ni taarifa ya biashara. Inamwambia mkurugenzi kwamba tawi halikuuza, wakati ukweli ni kwamba fomula haikuupata msimbo. Ni majibu mawili tofauti, na yakishaandikwa kwa alama moja hakuna awezaye kuyatenganisha tena. Afadhali fomula irudishe neno linalosomeka:

```
=XLOOKUP(C2,Mauzo!C:C,Mauzo!D:D,"HAUPO")
```

Neno HAUPO haliwezi kuingia kwenye jumla wala kudhaniwa ni mauzo. Toleo la Excel lisilo na `XLOOKUP` linaweza kutumia `INDEX` na `MATCH`, na kosa likaachwa lionekane.

`SUMIFS` inahitaji tahadhari yake. Hutumika pale msimbo mmoja unapojirudia, kwa mfano faili likiwa la mauzo ya kila siku. Isipopata kitu hurudisha sifuri bila hata kuombwa. Tena, tofauti na `XLOOKUP`, yenyewe huona "054010" na 54010 kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana mhasibu anaweza kupata jibu kwa fomula moja na kukosa kwa nyingine, kwenye mafaili yaleyale. Kwenye misimbo inayozidi tarakimu 15 hali ni mbaya zaidi: `SUMIFS` inaweza kuunganisha misimbo miwili iliyofanana tarakimu 15 za mwanzo, hata kama mwisho inatofautiana.

Wengine hukwepa misimbo kabisa. Hupanga mafaili yote mawili kwa mfuatano, wakayabandika ubavuni kwa ubavuni, na kutoa mstari kwa mstari. Inafanya kazi mpaka siku upande mmoja utakapopungukiwa na mstari. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipata hasara ya dola milioni 24 za Marekani baada ya mistari ya lahajedwali kuhama katika kunakili na kubandika. Zabuni zake za kununua mikataba ya usafirishaji wa umeme huko New York zikaenda na bei zisizokuwa za mistari hiyo. Mstari lazima umtafute mwenzake kwa jina, si kwa mahali alipokaa.

Kuleta misimbo kwenye sura moja

Kazi ya kurekebisha huanza kwa kuliingiza upya faili la mauzo. Badala ya kubofya mara mbili, mhasibu afungue kitabu kipya, aende kwenye `Data`, kisha `From Text/CSV`, na mahali palipoandikwa `Data Type Detection` achague kutotambua aina. Misimbo yote itaingia kama maandishi, `11-4010` na `05-4010`, bila kuguswa. Safuwima ya kiasi itaingia kama maandishi pia, kwa hiyo hiyo itarudishwa kuwa namba.

Je, kama faili la asili halipo, na lililobaki ni kitabu cha Excel kilichokwisha kuandika `Nov-10`? Bado kuna nafuu. Mwezi unabeba msimbo wa tawi na mwaka unabeba akaunti, hivyo fomula hii inaurudisha msimbo ulivyokuwa:

```
=TEXT(A2,"mm-yyyy")
```

Nafuu hiyo inakoma pale kitabu hicho kinapohifadhiwa tena kama CSV. Faili la CSV huhifadhi kile kinachoonekana, yaani `Nov-10`, na tarakimu 40 za mwanzo wa akaunti hupotea moja kwa moja. Hapo itabidi mfumo wa mauzo utoe faili jipya.

Hatua inayofuata ni kuamua sura moja ya msimbo. Kwa kampuni hii sura hiyo ni tarakimu sita, bila kistari, zikiwa maandishi. Msimbo wa asili hauguswi. Pembeni yake, kwenye kila faili, inaongezwa safuwima mpya ya msimbo safi:

```
=TEXT(VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,
UNICHAR(160),"")," ",""),"-","")),"000000")
```

Fomula hii huanzia ndani kwenda nje. Kwanza inaondoa `UNICHAR(160)`, nafasi isiyoonekana ambayo huja na data iliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao, na ambayo fomula ya kawaida ya `TRIM` haiiondoi. Kisha inaondoa nafasi za kawaida na vistari. `VALUE` hugeuza kilichobaki kuwa namba, na `TEXT` huiandika upya kwa tarakimu sita, ikirudisha sifuri iliyopotea. Kwa njia hiyo `05-4010` ya mauzo na `54010` ya bajeti zote zinakuwa `054010`.

`VALUE` imewekwa pale makusudi. Mtu akiwa amechapa herufi O badala ya sifuri, au alama nyingine iliyotoka kwenye barua ya Word, fomula hutoa kosa la `#VALUE!` na msimbo huo unaonekana. Bila `VALUE`, msimbo mbovu ungepita kimya.

Kuna sharti moja la kuchunguzwa kabla ya kufuta vistari: je, sehemu za msimbo zina urefu usiobadilika? Kampuni yetu iko salama, maana akaunti zake zote zina tarakimu nne. Lakini fikiria kampuni yenye tawi 1 lenye akaunti 4401, na tawi 14 lenye akaunti 401. Kistari kikiondolewa, `1-4401` na `14-401` zote zinakuwa 14401, na mauzo ya matawi mawili yanaingia mfuko mmoja. Kipimo chake ni kuhesabu misimbo tofauti iliyopo kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha. Idadi ikipungua, ama msimbo uleule ulikuwa umeandikwa kwa namna mbili ndani ya faili moja, ama misimbo miwili tofauti imegongana. Lazima ijulikane ni ipi. Penye mgongano, kila sehemu ijazwe sifuri peke yake kabla ya kuunganishwa.

Kutafuta pande zote mbili

Kila mstari wa bajeti ukishatafuta mauzo yake, kazi imefika nusu. Upande wa pili nao unatakiwa uulizwe: ni mauzo gani yasiyo na mstari wa bajeti? Hayo hayawezi kuonekana kwenye ripoti iliyojengwa kwa kufuata orodha ya bajeti. Kwenye karatasi ya mauzo fomula hii hutoa `TRUE` kwa kila msimbo usio na mwenzake:

```
=ISNA(MATCH(C2,Bajeti!C:C,0))
```

Kisha inafuata hesabu ya jumla. Jumla ya faili la mauzo la asili lazima ilingane na jumla ya mauzo yaliyoingia kwenye ripoti. Kwa Machi, faili la mauzo lina shilingi milioni 229.9. Ripoti ya kwanza, ile yenye sifuri mbili, ilikuwa na milioni 112.5. Pengo la milioni 117.4 ni mauzo ya Tanga na Kariakoo yaliyoachwa nje, na kutoa huko kumoja kungeonyesha tatizo kabla ripoti haijatoka ofisini.

Baada ya misimbo kusafishwa, ripoti inapanda hadi milioni 220.4. Bado zinakosekana milioni 9.5. Orodha ya mauzo yasiyo na bajeti inaonyesha mistari miwili, yote ya Kariakoo: `114031` yenye milioni 6 na `114032` yenye milioni 3.5. Kwa upande wa bajeti, mstari mmoja umeandikwa HAUPO, nao ni `114030`, rangi ya Kariakoo.

Hapa hakuna kistari wala sifuri ya kulaumiwa. Kariakoo huuza rangi nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo mfumo wake umeigawa akaunti: 4031 kwa rangi ya maji na 4032 kwa rangi ya mafuta. Bajeti iliiweka rangi yote chini ya 4030. Fomula ya kusafisha haiwezi kulijua hilo, na wala isijaribiwe kukisia kwa kufananisha tarakimu tatu za mwanzo, kwa sababu kesho 4035 inaweza kuwa brashi. Linatakiwa jedwali la ulinganisho lenye safuwima mbili: msimbo wa mauzo, na mstari wa bajeti unakoingia. Mistari yake huidhinishwa na mtu anayejua maana ya akaunti hizo. Jedwali likishawekwa, mauzo hujumlishwa kwa mstari wa bajeti, na pengo linafika sifuri.

Machi sasa inasomeka hivi, kwa mamilioni ya shilingi, mafaili yote mawili yakiwa bila kodi ya ongezeko la thamani:

| Tawi | Bajeti | Mauzo | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Tanga | 28.0 | 29.4 | +1.4 |
| Kariakoo | 90.0 | 88.0 | −2.0 |
| Mwanza | 52.0 | 49.5 | −2.5 |
| Shinyanga | 24.0 | 25.1 | +1.1 |
| Mbeya | 40.0 | 37.9 | −2.1 |
| Jumla | 234.0 | 229.9 | −4.1 |

Ripoti ya kwanza ilisema kampuni imefikia asilimia 48 tu ya bajeti. Ukweli ni zaidi kidogo ya asilimia 98. Tanga, iliyoonekana haijauza kitu, ndiyo iliyozidi bajeti kuliko tawi lolote. Kariakoo iko nyuma kwa milioni 2, lakini ndani yake kuna mambo mawili yanayovutana: saruji imepita bajeti kwa milioni 3, mabati na rangi zimepungua kwa milioni 2.5 kila moja. Pungufu la rangi ni karibu asilimia 21 ya bajeti yake ya milioni 12, na la mabati ni asilimia 8 ya milioni 30. Meneja wa tawi anaweza kuulizwa juu ya hizo mbili na akawa na la kujibu.

Jedwali la ulinganisho linabaki ndani ya kitabu hichohicho, kila mstari ukiwa na tarehe ulipoongezwa na jina la aliyeuidhinisha. Mbeya ikifungua akaunti mpya mwezi Aprili, msimbo wake utatokea kwenye orodha ya mauzo yasiyo na bajeti, na jumla ya ripoti itapungua kwa kiasi hichohicho. Mhasibu ataongeza mstari mmoja kwenye jedwali kabla ya kuituma ripoti kwa mkurugenzi.